Filamu ya Kutazamwa na Wote: Namna ya Kuchagua kwa Ajili ya Ndugu Asiyeona na Ndugu Asiyesikia

Katika ziara za familia tunazozifanya vigangoni chini ya Mlima Hanang, jioni moja tulifika katika nyumba ambayo wote walikuwa wamekusanyika mbele ya runinga. Babu wa nyumba hiyo alipoteza uwezo wa kuona miaka mingi iliyopita kwa ugonjwa wa trakoma. Mjukuu wake wa kiume, kijana wa darasa la sita, ni kiziwi, naye alikuwa likizoni kutoka shule ya bweni. Filamu iliyokuwa ikioneshwa ilitoka ng'ambo. Kila mara mazungumzo yalipokoma babu aliuliza, "Mbona wamenyamaza? Kumetokea nini?" Waliokuwa wakitazama walimwambia asubiri, kisha wakasahau kumjibu. Kijana naye alisoma maandishi ya chini kwa muda mfupi, akainuka, akatoka nje kwenda kukaa karibu na zizi la ng'ombe.

Baba wa familia alituambia kwa masikitiko kwamba aliinunua filamu ile kwa makusudi, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kuwa "ina maandishi". Kweli maandishi yalikuwamo, lakini kwa Kiingereza, na kijana amefundishwa kwa Lugha ya Alama ya Tanzania na kwa Kiswahili. Hivyo fedha ilitumika, nia ilikuwa njema, na watu wawili ambao filamu ilinunuliwa kwa ajili yao ndio waliobaki nje yake.

Tangu siku ile tumekuwa tukijifunza jambo hili pamoja na familia kadhaa za Mbulu na Hanang. Tunapenda kuwashirikisha wasomaji wetu yale tuliyoyaona yanafaa, hasa namna ya kuipima filamu kabla familia haijaketi kuitazama.

Maandishi ya aina mbili

Kosa la kwanza hutokana na kudhani kwamba maandishi yote ya chini ya filamu ni ya namna moja. Yapo maandishi ya tafsiri, yaani yale yanayoandikwa kwa ajili ya mtu anayesikia vizuri lakini haijui lugha ya wahusika. Mwandishi wake huchukua kwamba mtazamaji anausikia mlango ukigongwa, anaisikia bunduki ikilia nje, na anaitambua sauti ya anayesema. Kwa hiyo huandika maneno tu. Yapo pia manukuu yaliyotengenezwa kwa ajili ya viziwi. Haya hutaja sauti zenye maana katika kisa, hutaja jina la anayesema endapo haonekani, na huonesha kwamba muziki umeanza au umekoma. Katika orodha ya lugha za filamu manukuu ya aina hii hutambulishwa kwa herufi `CC` au `SDH`. Palipoandikwa jina la lugha pekee, kwa kawaida ni tafsiri.

Tofauti hii inatugusa sisi Watanzania kwa namna ya pekee. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya mwongozaji Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilipooneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, mazungumzo yake ya Kiswahili yaliambatana na maandishi ya Kiingereza. Ndivyo zinavyofanywa filamu nyingi za Kiswahili zinazosafiri nje ya nchi, na sababu yake inaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba kiziwi Mtanzania, mbele ya filamu ya nchi yake na ya lugha anayoisoma, hupewa maandishi ya lugha nyingine yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaosikia. Kwa hiyo mtu asitosheke na swali la kama maandishi yapo. Aulize: yako kwa lugha gani, na yameandikwa kwa ajili ya nani?

Maelezo ya sauti ni nini

Kwa ndugu asiyeona kinachohitajika ni maelezo ya sauti. Ni sauti ya msimulizi inayoingia katika mapengo ya mazungumzo na kueleza yanayoonekana: nani ameingia, yuko wapi, anafanya nini, uso wake ukoje, ni maandishi gani yameoneshwa. Msimulizi mwema hasemi juu ya maneno ya wahusika, wala hamfafanulii msikilizaji ajisikieje. Husema, "Mama anaikunja barua na kuitia motoni." Hasemi, "Mama ana hasira mbaya sana," kwa maana msikilizaji ana akili ya kulitambua hilo mwenyewe.

Katika Netflix maelezo haya hupatikana kwenye orodha ya sauti, kwa mfano `English - Audio Description`. Ni wimbo wa sauti wa pekee, uliowekwa kando ya sauti ya kawaida. Hapo pana tatizo linalowakuta wengi huku kwetu, kwa sababu filamu nyingi hutufikia kwa flashi, baada ya kunakiliwa na kupunguzwa ukubwa mara kadhaa. Anayenakili huacha sauti moja tu ili faili liwe dogo, na maelezo ya sauti huwa ya kwanza kutupwa. Hivyo mtu anaweza kusoma mahali fulani kwamba filamu ina maelezo ya sauti, akanunua nakala isiyo nayo kabisa. Njia ya kuhakikisha ni rahisi. Fungua filamu kwa programu ya VLC kwenye kompyuta, kisha bonyeza herufi `B`. Kama zipo sauti mbili au zaidi, VLC itahama kutoka moja kwenda nyingine na kuonesha jina lake. Kama ni moja, haitapata pa kuhamia. Herufi `V` hufanya vivyo hivyo kwa maandishi.

Wengine wametuuliza kuhusu zile filamu zilizotafsiriwa kwa mdomo, kama alivyofanya Lufufu wa Dar es Salaam, au DJ Afro wa Kenya. Je, hazimfai asiyeona? Zinamfaa kwa sehemu, kwa kuwa mtafsiri huongea Kiswahili na mara nyingi hueleza kinachotendeka. Lakini kazi yake ni kutafsiri na kuchangamsha, si kueleza yanayoonekana. Huweza kutia utani wake mahali ambapo asiyeona alihitaji kujua ni nani aliyeanguka. Kwa kiziwi nakala hizo hazina msaada, kwa sababu maneno ya mtafsiri hayaandikwi popote.

Kipimo cha macho na kipimo cha masikio

Alama zilizoandikwa juu ya filamu hazitoshi kuthibitisha ubora. Tunashauri mmoja wa wanafamilia wanaoona na kusikia aipime filamu peke yake, kwa muda wa nusu saa hivi, kabla ya siku ya kuitazama.

Kwa ajili ya ndugu asiyeona, afumbe macho. Asianze mwanzoni mwa filamu, bali achague mahali penye vitendo vingi na maneno machache, kama vile safari, kufukuzana au mazishi. Asikilize dakika tano, kisha ajiulize maswali matatu: Ni nani walikuwapo? Walikuwa wapi? Ni nini kilichobadilika kati ya mwanzo na mwisho wa dakika hizo? Halafu afumbue macho na kurudia kipande kilekile. Kama alikosea jambo kubwa, filamu hiyo haijitoshelezi kwa masikio. Tumeona pia kwamba baadhi ya filamu zisizo na maelezo yoyote hufaulu kipimo hiki vizuri, kwa sababu kisa chake hubebwa na mazungumzo. Filamu ya mashauri ya mahakamani au ya ugomvi wa familia humfaa asiyeona kuliko filamu ya vita yenye maelezo ya haraka haraka.

Kwa ajili ya ndugu kiziwi, azime sauti kabisa. Achague mahali ambapo watu watatu au zaidi wanazungumza, na mahali pengine ambapo jambo linatokea nje ya picha. Kama maandishi hayamwezeshi kujua ni nani amesema, au kwa nini wahusika wamegeuka ghafla kutazama mlango, basi ni maandishi ya tafsiri tu. Kisha apime kasi: asome maandishi kwa sauti, kwa mwendo wa mtu anayesoma tangazo kanisani. Yakiondoka kabla hajamaliza, na jambo hilo likarudiarudia, yana kasi mno. Watengenezaji makini huweka mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja, na Netflix kwa lugha nyingi zinazotumia alfabeti yetu huweka mpaka wa herufi 42 kwa mstari. Tukumbuke pia kwamba kwa viziwi wengi lugha ya alama ndiyo ya kwanza na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Ndiyo maana kipimo cha mwisho ni kumwonesha mhusika mwenyewe dakika tano na kumwomba asimulie kwa alama alichokielewa. Asiulizwe tu kama anaona maandishi, kwa kuwa kwa heshima atajibu ndiyo.

Jambo la tatu la kupima ni kama maandishi yanakwenda pamoja na picha. Atazame mwanzo, katikati na mwisho. Kama maandishi yanachelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kasoro hiyo inarekebishika: katika VLC herufi `G` huyawahisha na herufi `H` huyachelewesha, kidogo kidogo. Lakini kama mwanzoni yanakwenda sawa, katikati yanachelewa, na mwishoni yameachwa mbali, basi faili hilo la maandishi lilitengenezwa kwa ajili ya nakala nyingine ya filamu hiyo. Ni afadhali kulitafuta jingine kuliko kuhangaika nalo.

Pale ambapo Kiswahili hakipo

Tukiwa wakweli, familia nyingi zitafika mahali ambapo filamu waipendayo haina maelezo ya sauti kwa Kiswahili wala manukuu ya viziwi kwa Kiswahili. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja wazi vipindi vya televisheni na filamu katika namna zinazofikika kwao. Kazi ya kuitimiza ibara hiyo bado ni kubwa. Wakati tukiingoja, yako mambo ambayo familia yenyewe inaweza kuyatenda kwa filamu fupi, nasi tutaeleza tulivyofanya na familia ile ya Hanang.

Tulichagua habari ya mwanariadha John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Meksiko, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka na kuumia vibaya gotini, lakini hakuacha mbio. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya wote waliomaliza, giza likiwa limekwisha kuingia. Mtengeneza filamu Mmarekani Bud Greenspan aliieneza habari hiyo duniani kupitia filamu zake za Olimpiki. Babu aliijua habari kwa kusimuliwa, lakini hakuwahi kuipata picha yake. Kijana hakuijua kabisa. Picha zenyewe ni za dakika chache, usimulizi wake ni wa Kiingereza, na sehemu yake kubwa ni mtu mmoja anayechechemea. Kwa kipimo cha macho, kipande hicho kilianguka kabisa.

Dada yake kijana, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyepewa kazi. Kwanza alikitazama kipande chote mara tatu bila kuandika lolote. Mara ya nne alisimamisha kila palipokuwa na pengo, akahesabu sekunde zake, akaandika sentensi ya kutosha pengo hilo. Kwa kujaribu tuligundua kwamba sekunde tano za sauti tulivu zinachukua maneno manane hadi kumi ya Kiswahili, si zaidi. Rasimu yake ya kwanza ilisema: "Sasa tunamwona shujaa wetu wa Mbulu akiingia kwa uchungu mkubwa katika uwanja mkubwa uliojaa giza la usiku." Ilikuwa ndefu mno, na ilimwambia babu la kuhisi. Ilipopunguzwa ikawa hivi: "Ni usiku. Akhwari anaingia uwanjani, anachechemea. Mguu umefungwa bendeji." Maneno tisa, na kila moja lina picha.

Yale ambayo hayakuweza kuingia katika mapengo aliyasema kabla ya kuanza, kwa muda wa dakika mbili: ni mji gani, uwanja ulikuwaje, watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na sauti ya mwanamume atakayesikika ni ya msimulizi wala si ya Akhwari. Utangulizi wa namna hii ni msaada mkubwa katika filamu yoyote, hasa wa kutambulisha sauti za wahusika, kwa kuwa mapengo peke yake hayatoshi kamwe.

Kwa ajili ya kijana, dada huyo aliandika manukuu kwa programu ya kawaida ya kuandikia maandishi kwenye kompyuta. Faili la manukuu lina umbo rahisi: namba, muda wa kuanza na wa kumaliza, kisha maneno, na mstari mtupu kabla ya namba inayofuata.

```
1
00:00:04,000 --> 00:00:07,000
[watazamaji wanapiga makofi]

2
00:00:08,000 --> 00:00:12,000
MSIMULIZI: Ndiye wa mwisho
kuingia uwanjani.
```

Muda huandikwa kwa saa, dakika, sekunde na sehemu za elfu za sekunde. Faili hupewa jina lilelile la filamu, kwa mfano filamu ikiitwa `akhwari.mp4` manukuu yaitwe `akhwari.srt`, na yote mawili yawekwe pamoja kwenye flashi. VLC huyasoma yenyewe, na runinga nyingi zenye tundu la flashi pia. Kama runinga haiyaoneshi, mara nyingi ni kwa sababu majina hayafanani, au kompyuta imeongeza `.txt` mwishoni bila mwandishi kutambua. Kazi hii ilimchukua alasiri mbili kwa kipande cha dakika chache. Kwa filamu ya saa mbili haiwezekani kwa familia moja, na hatushauri kuijaribu. Kwa filamu ndefu, ni afadhali kutumia muda huo kuitafuta iliyo nzuri tayari.

Jioni ya kutazama

Nyumba yenye asiyeona na kiziwi pamoja ina ugumu mmoja zaidi. Maelezo ya sauti hayamwathiri kiziwi, wala manukuu hayamsumbui asiyeona, lakini wengine waliobaki huchoshwa na sauti ya msimulizi na kuanza kulalamika. Kwa hiyo dada aliketi upande wa kulia wa babu, karibu na sikio lake, akasoma kwa sauti ya chini. Kijana aliketi mbele, mita mbili hivi kutoka kwenye runinga, ili maandishi yasimchoshe macho. Taa iliachwa ikiwaka, kwa sababu gizani kiziwi hawezi kuzungumza na mtu yeyote kwa alama.

Mambo hayakwenda bila kasoro. Akhwari alipoingia uwanjani dada alishikwa na msisimko, akaongeza maneno ambayo hakuyaandika. Babu alimgusa mkono, akasema, "Mjukuu wangu, nyamaza kidogo. Makofi nayasikia mwenyewe." Somo hilo tuliliandika: palipo na sauti inayojieleza yenyewe, msimulizi anyamaze.

Kijana hakutoka nje. Kipande kilipokwisha aliuliza kwa alama: wa mwisho kwa muda gani? Alama zake zilikuwa wazi, na manukuu hayakuwa na jibu, kwa kuwa dada aliona swali hilo si la lazima. Tulilitafuta jibu. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Tofauti ni saa moja, dakika tano na sekunde moja. Kijana aliziandika namba hizo katika daftari lake, kisha akampigia alama dada yake aziongeze katika faili. Babu alipotafsiriwa kilichokuwa kikizungumzwa, alitaka kirudiwe tangu mwanzo.